Chati ya A4 kwenye simu ya fundi: jinsi nilivyoacha kutuma nguzo 36

Naandika hii nikiwa bado na aibu kidogo, maana kosa lilikuwa langu na aliyelipa ni mtu mwingine, tena mtu mzima wa kunizaa.

Mimi ni mtu wa data kwenye shirika dogo la maji hapa Mwanza, ofisi iko mjini, kazi yetu kubwa ni visima vya pampu ya mkono upande wa Sengerema na Buchosa. Kila Jumatatu asubuhi nilikuwa natuma ripoti ya wiki kwenye grupu la wasapu la timu: mafundi wawili, wasimamizi watatu, meneja, na dereva ambaye yeye anaingia grupu kusoma tu wala hajawahi kuandika neno. Ripoti yenyewe PDF ya kurasa nne, A4 ya kulala, chati ya kwanza ndo kila kitu, na mi nilikuwa naipenda ile chati jamani. Kata tisa, kila kata ina nguzo nne: kisima kinafanya kazi, kinatoa maji kidogo, kibovu, hakijakaguliwa. Rangi nne, ufunguo wa rangi pembeni kulia, majina ya kata chini yameandikwa kwa kulala mshazari kwa sababu hayakutosha. Kwenye skrini ya ofisi ilikuwa inang'aa.

Sasa siku hiyo nilipanda feri ya Kamanga pamoja na fundi wetu mkubwa, mi nilikuwa naenda kukagua fomu, yeye anaenda kazini na rodi zake za pampu zimefungwa kwenye pikipiki. Nikamsalimia, tukasimama pembeni kwenye ukingo, jua la saa nne limepiga ziwa linarudi machoni, akatoa simu akafungua ripoti yangu. Nikamwangalia. Kwanza akaongeza mwanga mpaka mwisho, afu akaiziba skrini kwa kiganja kama mtu anayekinga kibiriti, afu akaanza kuvuta kwa vidole viwili. Akivuta nguzo zinakuwa kubwa ila ufunguo wa rangi umetoka nje ya skrini. Akisukuma kulia aone rangi ya tatu maana yake nini, nguzo zimepotea. Anarudi kushoto, kata gani ile, majina yako chini huko hayaonekani. Mara tatu nne hivi, afu akazima simu akaiweka mfukoni.

"Nishaona binti yangu," akaniambia, "Chifunfu ndo pabaya."

Na mimi, kwa sababu nilikuwa sikumbuki namba kichwani, nikamwitikia.

Chifunfu hapakuwa pabaya. Nguzo ndefu ya Chifunfu ilikuwa ya "hakijakaguliwa", rangi ya kijivu cha bluu, na "kibovu" nilikuwa nimekipa bluu ya kijivu, msiniulize kwa nini, Excel ilinipa nami nikaipokea. Akaenda na rodi zake akakuta visima vingi vinatoa maji vizuri tu, hakuna mtu aliyevikagua ndo shida pekee. Siku imeisha, mafuta yameisha, na Nyehunge, palipokuwa pabaya kweli, wanawake wanaendelea kuchota kwenye dimbwi.

Jioni hiyo nikachukua rula ya mtoto nikapima simu yangu. Skrini upana sentimita 6.8. Simu nyingi za timu yetu ni humo humo, kati ya 6.5 na 7. Karatasi ya A4 ikilala ina upana wa sentimita 29.7. Gawa 6.8 kwa 29.7 unapata kama 0.23, yaani kila kitu nilichokiandika kinafika kwa fundi kikiwa chini ya robo ya ukubwa wake. Maandishi yangu ya saizi 10 yanakuwa 2.3. Pointi moja ni kama theluthi ya milimita, kwa hiyo herufi nzima, na mkia wake, na kichwa chake, haifiki milimita moja. Ukitoa nafasi iliyoliwa na ufunguo na namba za pembeni, chati yenyewe kwenye simu ilikuwa na sentimita nne na nusu hivi, ndani yake nguzo 36 na mapengo yake. Kila nguzo chini ya milimita moja. Rula ya mtoto haina hata alama ya kuipimia.

Hesabu hiyo ndo ilinifungua macho kuliko ushauri wowote, maana nilikuwa nimeshaambiwa "ongeza fonti" nikaongeza kutoka 10 kwenda 12, nikajiona nimefanya kitu. 12 mara 0.23 ni 2.8. Fonti ya chati kwenye laptopu haina maana yoyote mpaka ujue picha itabanwa mara ngapi. Kwa hiyo hesabu inaanzia nyuma: mi nataka herufi ifike kwenye simu ikiwa na kama saizi 10 au 11, ile ambayo mtu anasoma mkono umenyooka bila kuvuta. Kama nachora picha ya upana wa sentimita 10, itabanwa kwenda 6.8, yaani mara 0.68. Basi fonti niandike 16, ifike ikiwa na 10 na ushee. Kwenye laptopu inaonekana ya kijinga kabisa, kubwa kama bango la mkutano wa hadhara. Meneja alipoiona mara ya kwanza aliniuliza kama nimepoteza miwani.

Ila ukubwa wa herufi ulikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ndo ile niliyoiona kwenye feri, ya kuvuta na kupoteza. Watu husema si aivute tu, simu zina uwezo wa kuvuta. Picha ya mtu ukiivuta bado ni picha ya mtu. Chati ukiivuta inavunjika, kwa sababu maana ya nguzo haiko kwenye nguzo, iko mbali: rangi inaelezwa kulia, jina liko chini, kipimo kiko kushoto. Unavyovuta unatenganisha nguzo na vitu vitatu vinavyoieleza, na kichwani unabaki unakumbuka kitu kimoja huku unatafuta kingine, kwenye chombo kinachoyumba. Kwa hiyo nikajiwekea sharti moja, kwamba kila kinachoieleza nguzo kikae ubavuni mwa nguzo hiyo hiyo, jina lake na namba yake, na mtu asihitaji kuangalia kona nyingine yoyote.

Sharti hilo ukilifuata kwa uaminifu linakupangia karibu kila kitu. Ufunguo wa rangi unakufa, kwa sababu uko mbali. Mstari wa vipimo wa pembeni unakufa pia, na ile mistari ya kijivu ya nyuma, kwa sababu namba imeshaandikwa mwishoni mwa nguzo, ya nini tena mtu akadirie kwa macho. Nguzo zinalala badala ya kusimama, kwa sababu jina kama Nyamatongo au Nyakaliro haliwezi kukaa chini ya nguzo nyembamba bila kupindishwa, ila kushoto kwa nguzo iliyolala linakaa limenyooka. Na simu ni ndefu kwenda chini, nafasi iko huko, si kwenye upana. Kata tisa zikipangwa moja chini ya nyingine zinapumua.

Kilichobaki kigumu ni zile rangi nne. Hapa nilibishana na meneja siku mbili, kwa sababu yeye anataka picha kamili, na ana haki, anaripoti kwa wafadhili. Lakini fundi aliye kwenye feri haulizi picha kamili. Anauliza niende wapi na nibebe nini. "Kinafanya kazi" hakimhusu. "Hakijakaguliwa" ni kazi yangu mimi na wasimamizi, si yake. "Maji kidogo" anaweza akakipitia kama kipo njiani. Kinachompeleka mahali ni kibovu, basi. Tukakubaliana PDF ibaki kwa ajili ya ofisi na wafadhili, na grupu la timu lipate picha moja ya kitu kimoja. Wasimamizi nao wakapata yao ya ambavyo havijakaguliwa, picha tofauti, siku tofauti, na afadhali picha mbili zinazosomeka kuliko moja yenye nguzo 36.

Ngoja niweke mfano, namba nimezitunga mimi kwa ajili ya makala hii, msije mkanukuu kwamba kata fulani ina hali hii. Umbo lake ndo linafanana na la kwetu:

Nyehunge, vibovu 7 kati ya visima 18. Bukokwa 6 kati ya 15. Katunguru 5 kati ya 21. Nyakaliro 4 kati ya 12. Sima 3 kati ya 16. Tabaruka 3 kati ya 11. Chifunfu 2 kati ya 19. Nyamatongo 1 kati ya 14. Maisome 1 kati ya 2. Jumla vibovu 32 kati ya 128.

Kitu cha kwanza kilichonijia ni kuweka asilimia, kwa sababu ndo tulivyofundishwa, kata hazilingani kwa idadi ya visima kwa hiyo weka asilimia. Nikaweka. Maisome ikaruka juu kabisa na asilimia 50, nguzo ndefu kuliko zote, na Nyehunge yenye visima saba vibovu ikashuka ya tatu. Sasa Maisome ni kisiwa, unatafuta mtumbwi wa injini, unakwenda kwa ajili ya kisima kimoja. Kwenye skrini kubwa ungeweka maelezo chini kwamba idadi ni ndogo, na mtu angeyasoma. Kwenye simu hakuna chini, mtu anaona nguzo ndefu anaondoka nayo. Kwa hiyo urefu wa nguzo nikaufanya idadi ya vibovu, na mwishoni mwa nguzo nikaandika "7/18", ili anayetaka uwiano auone bila kuhama. Kwa mfadhili ningeweka asilimia. Kwa fundi, visima saba ni vipuri saba, rodi au washa, asilimia 39 haifungwi kwenye pikipiki.

Kuhusu kuchora kwenyewe. Natumia Python, kipande chenyewe ni kifupi:

```python
import matplotlib.pyplot as plt
plt.rcParams["font.size"] = 16
d = df.sort_values("bovu")
rangi = ["#08306b" if x >= 5 else "#8c8c8c"
         for x in d["bovu"]]
fig, ax = plt.subplots(figsize=(4, 5), dpi=270,
                       layout="constrained")
p = ax.barh(d["kata"], d["bovu"], color=rangi)
ax.bar_label(p, labels=d["lebo"], padding=5)
ax.margins(x=0.25)
ax.xaxis.set_visible(False)
ax.spines[:].set_visible(False)
ax.tick_params(length=0)
fig.suptitle("Visima vibovu 32\nanzia Nyehunge",
             x=0.02, ha="left", weight="bold")
fig.savefig("wiki.png")
```

Inchi 4 kwa 5, na dpi 270, inatoa pikseli 1080 kwa 1350. Inchi 4 ndo ile sentimita 10 ya hesabu yetu, kwa hiyo fonti 16 inafika salama. `df` ni jedwali langu la kata, na safu ya `lebo` ni ile "7/18" niliyoitengeneza kabla. Kupanga kwa `sort_values` bila kugeuza ni makusudi, maana `barh` inaanza kuchora kutoka chini, kwa hiyo kubwa linaishia juu. Na `layout` na `margins` nimeziweka kwa sababu bila hizo lebo ya nguzo ndefu kuliko zote inagonga ukingo wa kulia, niliituma hivyo wiki ya kwanza, "7/1" na nane haipo, grupu zima likafikiri Nyehunge kuna kisima kimoja chenye vibovu saba. Wakanicheka mpaka leo.

Kichwa nacho kina mtego wake. Kwa upana huo na fonti hiyo, mstari mmoja unabeba herufi 20 hivi, zaidi ya hapo zinakatika na programu haikwambii. Ndo maana unaona nimevunja mstari kwa mkono. Na kichwa changu cha zamani kilikuwa "Hali ya utendaji wa vituo vya maji kwa kata, wiki ya 14", ambacho hakisemi kitu, ni jina la faili tu. Kama una mistari miwili tu, mmoja useme hali, wa pili useme anzia wapi.

Wa Excel msijali, inawezekana kabisa, nusu ya mwaka nilifanya huko. Chagua Clustered Bar, ile ya kulala. Bonyeza majina ya kata, ingia Format Axis, weka tiki kwenye Categories in reverse order, kwa sababu Excel nayo inaanzia chini, na data yako uwe umeipanga kubwa juu. Futa Legend, futa Gridlines, futa mhimili wa namba, ongeza Data Labels. Kwa "7/18" tumia Value From Cells uielekeze kwenye safu yako ya lebo. Gap Width punguza mpaka 50% hivi nguzo zinenepe. Kisha ukubwa: ukiipa sentimita 10 kwa 12.5 na ukafanya Save as Picture, inaweza ikatoka na ukungu, kwa hiyo ipe mara mbili, sentimita 20 kwa 25, na fonti nazo mara mbili, 32. Ni uwiano ule ule, pikseli ndo zimeongezeka.

Na hakikisha nyuma ya chati umejaza rangi nyeupe. Hii ilinipotezea asubuhi nzima. Chati ilikuwa No fill, ikahifadhiwa kama PNG isiyo na nyuma, kwangu iko sawa kabisa, msimamizi mmoja ananiambia dada mbona umetuma picha nyeusi. Simu yake iko kwenye hali ya giza, picha haina nyuma, maandishi yangu meusi yamekaa juu ya weusi wa simu. Yeye alikuwa anaona nguzo zinaelea gizani hazina majina.

Turudi kwenye jua, maana sisi wa kando ya ziwa jua si kitu cha kupita haraka. Ukiwa ofisini kijivu chepesi kwenye nyeupe kinaonekana cha kistaarabu. Nje, mwanga wa jua unaoakisiwa na kioo unajimwagia juu ya kila rangi, weusi unakuwa kijivu na kijivu kinakuwa hakuna. Kuna kipimo cha tofauti ya mwanga kati ya rangi mbili, kinaanzia 1 kwa rangi zinazofanana na kuishia 21 kwa nyeusi juu ya nyeupe. Miongozo ya tovuti, ile WCAG, inataka maandishi ya kawaida yafike 4.5 na maumbo kama nguzo yafike 3. Kijivu nilichokuwa nakitumia kwa maandishi, `#999999`, kina 2.8 tu juu ya nyeupe, kinafeli hata ndani ya nyumba. Njano tupu juu ya nyeupe iko karibu na 1, yaani haipo. Sasa maandishi yangu yote ni meusi, nguzo zinazotakiwa kuangaliwa ni bluu nzito sana, na nyingine kijivu cha `#8c8c8c` ambacho kinapita 3 kwa shida. Rangi mbili tu. Na rangi haibebi habari peke yake, ukiondoa rangi zote namba na mpangilio bado vinasema kitu kile kile, hii niliijua baada ya msimamizi wetu mmoja kuniambia kwa sauti ya chini kwamba nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja tangu utotoni, na miaka yote hiyo ripoti zangu nyingine zilikuwa na nyekundu ya hatari na kijani ya salama.

Haya, umechora, sasa kuna safari ya picha yenyewe. Wasapu ikipokea picha inaibana, ndo tabia yake, na inayoumia kwanza ni herufi nyembamba na mistari myembamba, unaona zimezungukwa na ukungu kama mtu amepangusa kwa kitambaa kibichi. Unaweza kutuma kama dokumenti haitabanwa, ila kwenye grupu itaonekana kama faili, lazima mtu aifungue, na kwangu mimi hatua moja ya ziada ni mtu mmoja asiyefungua. Picha ya 1080 kwa 1350 yenye herufi nene imekuwa ikifika kwetu ikisomeka vizuri hata baada ya kubanwa, kwa hiyo naituma kama picha ya kawaida. Usiifanye ndefu sana tu, kwa sababu ikiwa ndefu kupita kiasi kwenye mazungumzo inaonyeshwa imekatwa juu na chini, na kilichokatwa juu ndo kichwa chako.

Lakini mafundi wetu wamezima kupakua picha kwa data ya simu, na wamefanya vizuri, bando ni la kwao. Kwa hiyo kinachofika kwanza ni kivuli cha picha chenye mshale wa kupakua, na ukishatoka gatini mtandao unakuja na kuondoka. Ila maneno chini ya picha yanafika hapo hapo, ni maandishi matupu. Basi ujumbe wote unaingia kwenye maneno: "Vibovu 32. Nyehunge 7, Bukokwa 6, Katunguru 5. Beba rodi 11, washa 21. Data hadi Jumapili jioni, tarehe fulani." Mtu asipofungua picha kabisa, kazi inaendelea. Hiyo sentensi ya mwisho ya tarehe niliiongeza baada ya mtu kukuta picha ya wiki tatu nyuma, ilikuwa imesambazwa upya kutoka grupu lingine, akaenda kutengeneza kisima kilichokwishatengenezwa. Sasa tarehe iko kwenye maneno na ipo ndani ya picha pia, kona ya chini, kwa sababu picha ikisambazwa maneno yanaweza yakabaki nyuma.

Majaribio yangu kabla ya kutuma hayana utaalamu. Namtumia dereva wetu peke yake kwanza, afu natoka nje ya ofisi, pale mlangoni kuna jua mpaka saa tisa, nashika simu mkono umenyooka, naangalia nikihesabu moja mbili tatu, nageuza. Kama nimepata kata ya kwanza na namba yake, inaenda. Kama kidole kimetaka kuvuta, inarudi kwenye meza. Situmii simu yangu, natumia ya dereva wetu, ambayo ina kioo cha juu kilichopasuka kona na mwanga wake haupandi sana. Yeye ndo hakimu wangu sasa hivi, namwonyesha namuuliza tunaenda wapi wiki hii kaka, akijibu Nyehunge bila kuuliza swali, tumemaliza.

Kuna kitu sijakipatia dawa nzuri, nacho ni mwenendo wa muda. Meneja anapenda mistari ya kata tisa kwa miezi 12 kwenye chati moja, na kwenye simu hiyo ni tambi. Nilijaribu vichati vidogo tisa, kimoja kimoja kimepangwa kwenda chini, ikawa picha ndefu kama mita, mtu anasukuma mpaka anachoka. Kwa sasa natuma mstari mmoja wa jumla tu, wiki nane za mwisho, jina limeandikwa mwishoni mwa mstari, na kata zinabaki kwenye nguzo. Inatosha kwa kazi za wiki, haitoshi kwa mpango wa mwaka, na mpango wa mwaka mtu asiufanyie kwenye feri.

Wiki iliyopita nikapanda tena na yule fundi. Siku hizi wenzetu wengi wanapita daraja la Kigongo–Busisi, tangu lifunguliwe Juni 2025 gari halisubiri kitu, ila yeye na pikipiki yake bado anaona Kamanga ndo njia yake. Tumesimama pale pale, jua lile lile, akafungua picha, hakuvuta, hakuziba kwa kiganja. Nikawa nasubiri anisifie kidogo jamani, miezi hii yote.

"Imenyooka," akasema. "Sasa hii umeipanga kwa ubaya, kubwa juu ndogo chini, si ndiyo?"

Nikamwambia ndiyo mzee, ili uone pa kuanzia.

"Mi siwezi kuanzia Nyehunge binti yangu. Mi nashukia Kamanga hapa, hii ni Nyamatongo, nina kisima kimoja hapa hapa mlangoni halafu wewe umekiweka karibu na mwisho. Nikienda Nyehunge nikarudi, nimekipita mara mbili."

Nikakaa kimya mpaka tunafika gatini. Alikuwa na haki, mpangilio wa ukubwa ni wa mtu aliyekaa mezani anayelinganisha, yeye halinganishi, anapita. Jioni nikaongeza safu moja kwenye faili, `njia`, Nyamatongo ni 1, nikamuuliza kwa simu akanipa zilizobaki moja baada ya nyingine, Maisome akasema iweke peke yake chini kabisa maana hiyo siku yake ni nyingine na nauli yake ni nyingine. Kwenye msimbo wa Python nikabadilisha sehemu moja ikawa `sort_values("njia", ascending=False)`, Nyamatongo ikapanda juu, Nyehunge ikashuka ila bluu yake nzito bado inaita. Kichwani nikafuta "anzia Nyehunge" nikaandika "kubwa: Nyehunge 7". Jumatatu naituma hivyo, meneja atauliza mbona nguzo zimechanganyika, nitamwambia amuulize fundi.